Skrinishoti iliyokatwa juu: namna ya kuisoma, na namna ya kuomba kwa adabu mazungumzo yaliyotangulia

Mwezi wa Desemba, watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, kumbi za Moshi hugombaniwa, na kamati za send-off na harusi hufanya kazi zake karibu zote kwenye kundi la WhatsApp. Ahadi za michango hutajwa humo, risiti hupigwa picha na kuwekwa humo, na ugomvi nao ukitokea huletwa humo humo. Mara nyingi ugomvi huo huletwa na picha moja: mjumbe hupiga skrinishoti ya mazungumzo yake na mtu mwingine, huikata ibaki mistari mitatu au minne, kisha huiweka kwenye kundi na maneno mafupi kama «Jioneeni wenyewe».

Mwongozo huu unamhusu yule anayetakiwa kufanya jambo baada ya picha kama hiyo kuwekwa, yaani katibu, mwenyekiti, au ndugu ambaye maneno yake husikilizwa. Nitatumia mfano mmoja niliouunda kwa makusudi, ili kila hatua ionekane inavyofanyika. Wewe ni katibu wa kamati ya send-off mjini Moshi. Mweka hazina ni mama mdogo wa bibi harusi. Binamu wa bibi harusi, ambaye ni rika lako na ni mjumbe wa kamati, anaweka picha kwenye kundi Jumatano saa tatu na nusu usiku. Ndani ya picha kuna meseji tatu tu:

```
Mweka hazina:  Hiyo hela hairudi tena.                          20:41
Binamu:        Kwa hiyo laki nne ndiyo basi?                    20:58
Mweka hazina:  Ndiyo basi. Na msiniulize tena mambo ya hiyo hela.  21:03
```

Laki nne ni kianzio cha ukumbi, yaani shilingi 400,000 zilizotoka kwenye michango ya watu. Dakika kumi hazijapita na tayari kuna anayeandika kwamba mweka hazina amekula hela.

Hatua ya kwanza: isome picha yenyewe kabla ya kusoma maoni

Fungua picha, ikuze, na uitazame kwa utulivu. Kinachotafutwa hapa ni kujua kwa hakika ni upande gani umekatwa na kitu gani kimeondoka, kwa sababu usipojua kinachokosekana hutaweza kukiomba kwa maneno mahususi, na ombi lisilo mahususi husikika kama shutuma.

Anza na umbo. Skrini ya simu za siku hizi ni ndefu sana kuliko upana wake, hivyo picha iliyo pana au inayokaribia mraba karibu kila mara imekatwa. Kisha tazama juu. Skrinishoti kamili ya WhatsApp huwa na mstari wa saa na betri, na chini yake jina la mtu anayezungumza na mwenye simu. Vyote viwili vikiwa havipo, hujui hata mazungumzo hayo ni ya nani na nani, isipokuwa kwa kuambiwa. Tena jina lenyewe, hata likiwepo, ni lile ambalo mwenye simu amelihifadhi kwenye orodha yake ya namba, na anaweza kumwita mtu yeyote jina lolote.

Halafu tazama chini. Watu wengi huangalia sehemu ya juu pekee na kusahau kwamba picha hukatwa pande mbili. Skrinishoti iliyopigwa mazungumzo yakiwa yamefika mwisho huonyesha, chini ya meseji ya mwisho, kile kisanduku cha kuandikia. Kisanduku kisipoonekana, huwezi kudhani kwamba meseji ya mwisho kwenye picha ndiyo iliyokuwa ya mwisho kweli. Katika mfano wetu picha inaishia papo hapo chini ya meseji ya saa 21:03, na jambo hilo litakuja kuwa na uzito kuliko kilichokatwa juu.

Sasa ingia kwenye meseji zenyewe. Zilizo upande wa kulia, ambazo kwa kawaida zina rangi ya kijani, ni za mwenye simu aliyepiga picha. Za kushoto ni za mwenzake. Kuna alama moja ndogo ambayo wengi hawajaigundua. Kwenye simu za Android, mtu anapotuma meseji kadhaa mfululizo, ile ya kwanza tu ndiyo huwa na kijimkia kidogo kwenye pembe yake ya juu, na zinazofuata hukaa bila mkia. Kwa hiyo, ikiwa meseji ya kwanza inayoonekana kwenye picha haina mkia, mtu huyo huyo alikuwa ametuma meseji nyingine mara tu kabla yake. Kwenye aifoni mkia hukaa chini, kwenye meseji ya mwisho ya mfululizo, hivyo huko alama hii husaidia zaidi kukagua ukingo wa chini wa picha kuliko wa juu. Katika mfano wetu, binamu anatumia Android, na meseji ya «Hiyo hela hairudi tena» haina mkia. Tayari unajua kwa hakika kwamba mweka hazina alisema jambo jingine kabla ya sentensi hiyo, na kwamba jambo hilo halimo kwenye picha.

Maneno nayo hutoa ushahidi. Hakuna mtu anayeanza mazungumzo kwa «hiyo hela», kwa sababu «hiyo» inahitaji hela iliyokwisha kutajwa. «Kwa hiyo» ya binamu vilevile ni hitimisho la maelezo fulani. Sentensi hizi zinaegemea kitu kilichotangulia, na bila kitu hicho zinaweza kubeba maana yoyote utakayozipa: hela haitarudi kwa sababu imeliwa, au kwa sababu ililipwa kwa mtu ambaye haruhusu kurudisha.

Mwisho wa ukaguzi, tazama muda. Kila meseji ina saa yake, lakini tarehe huandikwa mara moja tu, juu ya meseji ya kwanza ya siku. Ukikata juu, tarehe inaondoka, na mazungumzo ya juzi yanaweza kusomwa kama ya leo. Picha yetu iliwekwa Jumatano usiku na wote wamedhani mazungumzo ni ya Jumatano usiku, ingawa hakuna kitu ndani ya picha kinachosema hivyo.

Jambo moja la haki kabla hatujaendelea: kukata picha si kosa. Watu hukata ili namba za simu zisionekane, ili wasionyeshe maongezi ya nyumbani, au kwa sababu tu maandishi yanakuwa madogo picha ikiwa ndefu. Binamu anaweza kuwa amekata mistari hiyo kwa hasira, bila hila yoyote, akiona kwamba hiyo ndiyo iliyomuumiza. Ukaguzi huu unakuambia kilichokosekana. Nia ya aliyekata haiwezi kuonekana kwenye picha, na ombi lako lisiigusie kabisa.

Hatua ya pili: punguza unachohitaji kibaki swali moja

Kabla ya kumwandikia mtu, jiandikie mwenyewe pembeni swali ambalo jibu lake lingebadilisha uamuzi wa kamati. Katika mfano wetu swali hilo ni hili: kabla ya kusema «hiyo hela hairudi tena», mweka hazina alisema hela iko wapi na kwa nini hairudi? Mengine mawili yanafuata nyuma yake, nayo ni mazungumzo yalikuwa siku gani, na kama kuna meseji iliyofuata baada ya saa 21:03.

Usiombe «mazungumzo yote». Binamu na mama yake mdogo wana miaka ya maongezi humo ndani, kuna habari za magonjwa, za madeni na za watoto, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekukabidhi hayo kwa sababu ya laki nne ya ukumbi. Akikataa ombi kubwa namna hiyo hajaficha kitu, na wewe utakuwa umejinyima jibu. Omba kipande chenye mwanzo na mwisho: kuanzia pale walipoanza kuzungumzia ukumbi, hadi meseji ya mwisho ya siku hiyo.

Hatua ya tatu: tuliza kundi kwa ujumbe mmoja, kisha toka humo

Ombi lenyewe halifanyiki kwenye kundi. Ukimwuliza binamu mbele ya wajumbe wote, umemlazimisha kujitetea, na mtu anayejitetea mbele ya watu huleta meseji nyingine iliyokatwa zaidi. Hata hivyo kundi haliwezi kuachwa hivi hivi, kwa sababu saa tatu usiku kundi la kamati halina subira. Andika ujumbe mmoja tu, usiomtaja mtu:

«Wapendwa, habari za usiku. Picha tumeiona. Kwa kuwa mazungumzo yanaonekana kuanzia katikati, naomba tusubiri tupate sehemu iliyotangulia kabla hatujafikia uamuzi wowote. Nitawasiliana na wahusika usiku huu na kesho asubuhi, na nitaleta majibu kabla ya kikao cha jioni. Asanteni.»

Ujumbe huu unasema ukweli unaoonekana kwa kila mtu, yaani kwamba picha inaanzia katikati, na unataja lini jibu litakuja. Ahadi ya muda ndiyo inayozuia maoni kuongezeka, hivyo taja muda unaoweza kuutimiza. Baada ya hapo usijibu chochote kwenye kundi, hata ukichokozwa.

Hatua ya nne: mwombe aliyeweka picha

Utaratibu ninaoupendelea ni kuanza na aliyeleta picha, kwa sababu ndiye aliyeleta dai na ndiye mwenye picha asili kwenye simu yake. Mweka hazina anayo mazungumzo hayo hayo kwenye simu yake pia, lakini ukianza naye, binamu atakapogundua ataona umemzunguka.

Mwandikie faraghani. Kwa rika lako, ujumbe unaweza kuwa hivi:

«Dada, habari za usiku, na pole na mihangaiko ya maandalizi. Picha uliyoiweka nimeiona, na naelewa kwamba jambo la hela ya watu lazima liulizwe. Kabla sijasema lolote kwenye kundi naomba unisaidie kidogo. Pale mama mdogo anaposema ‘hiyo hela hairudi tena’, kuna maneno yaliyotangulia ambayo kwenye picha hayaonekani. Kama hutajali, nitumie kuanzia mlipoanza kuongelea ukumbi mpaka meseji ya mwisho ya siku ile, na tarehe yake ionekane. Kama katikati kuna mambo yenu ya nyumbani, yafunike tu, mimi sina haja nayo. Nayaomba ili kesho kwenye kikao tuzungumze jambo lilivyo.»

Tazama ujumbe huu umejengwaje, ili uweze kuubadilisha kwa hali yako. Umeanza na salamu na pole, kama ilivyo desturi. Ombi linalokuja bila salamu usiku wa ugomvi husomwa kama amri. Umekubali kwamba swali lake ni halali, kwa sababu hofu yake kubwa ni kwamba unataka kulizima. Umenukuu maneno yenyewe badala ya kusema «ile picha yako», na kwa hivyo anajua umesoma. Umesema maneno «hayaonekani», hukusema «umekata», na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwachia nafasi ya kukutumia sehemu iliyobaki bila kukiri kosa. Umetaja mwanzo na mwisho wa kipande unachokihitaji. Umemruhusu kufunika ya binafsi, na umemwambia utakitumia kwa kazi gani.

Linganisha na maombi yanayoandikwa mara nyingi: «Mbona umekata?», «Weka yote tuone», «Juu kuna nini unaficha?» Kila moja linaomba kitu kile kile, lakini linampa mwenzako chaguo mbili tu, kushindwa au kupigana. Hata emoji ya jicho moja inatosha kuharibu ujumbe mzuri. Na usiongeze alama za kuuliza tatu mfululizo. Kwenye maandishi hizo ni sauti iliyopandishwa.

Akiwa aliyeweka picha ni mtu aliyekuzidi umri, kwa mfano shangazi au baba mkubwa, mimi nisingeandika kabisa, ningepiga simu. Heshima ya mkubwa hukaa kwenye sauti, na maelezo ambayo angechoka kuyaandika atakusimulia kwa dakika mbili. Ukilazimika kuandika, fanya ombi liwe la kueleweshwa:

«Shikamoo shangazi. Samahani kwa kukusumbua usiku huu. Nimeiona picha uliyotuwekea, ila mimi sikuwepo tangu mwanzo wa maongezi hayo na naogopa nisije nikaelewa vibaya. Naomba, ukipata nafasi, unieleze yalianzaje, au unitumie ile sehemu ya mwanzo inayohusu ukumbi. Ahsante sana shangazi.»

Hapa kasoro imewekwa upande wako, kwamba hukuwepo. Ni kweli, na haimgusi.

Hatua ya tano: mrahisishie namna ya kutuma

Wengi hawakatai, hawajui tu watatumaje mazungumzo marefu. Akikubali, mpe njia moja inayofaa kwa simu yake.

Njia nyepesi ni kupiga skrinishoti kadhaa zinazopishana, yaani meseji ya mwisho ya picha ya kwanza iwe ndiyo ya kwanza kwenye picha ya pili. Mwambie hivyo waziwazi, kwa sababu bila mpishano huo hutajua kama kati ya picha mbili kuna kilichoachwa. Mwambie pia aanze pale ambapo tarehe imeandikwa katikati ya skrini. Simu nyingi za Android zinaweza kupiga skrinishoti moja ndefu: baada ya kupiga, alama ya kushuka chini hutokea kwa sekunde chache kwenye picha ndogo, na ukiigusa picha inaendelea kurefuka.

Kwa mazungumzo marefu sana kuna `Export chat`, inayopatikana ndani ya menyu ya mazungumzo hayo, na akichagua `Without media` faili linakuwa dogo na halimli bando. Lakini fahamu mambo mawili. Faili hilo hutoa mazungumzo yote tangu mwanzo, si kipande, hivyo mtu mwenye mambo ya siri asishauriwe kulitumia. Tena ni maandishi matupu ambayo yeyote anaweza kuyahariri kabla ya kuyatuma, kwa hiyo si ushahidi bora kuliko picha.

Njia ya kufowadi meseji moja moja haifai kwa kazi hii. Meseji iliyofowadiwa huja na alama ya `Forwarded`, ikiwa imepoteza jina la aliyeiandika na saa yake ya asili, yaani vile vitu viwili ulivyokuwa unavitafuta.

Kuhusu kufunika ya binafsi, mwambie apake rangi nzito isiyopitisha mwanga, au aweke umbo lililojazwa. Kalamu ya kuangazia huacha maandishi yaweze kusomwa mtu akiongeza mwanga wa picha. Kufunika kuna faida ambayo kukata hakuna: pengo linabaki likionekana, na kila mtu anajua kwamba hapo palikuwa na kitu kimeachwa kwa makusudi.

Hatua ya sita: soma kilichokuja, ukikumbuka mipaka yake

Binamu wa mfano wetu anajibu baada ya nusu saa na anatuma picha mbili zinazopishana. Juu kabisa tarehe ni ya Jumamosi. Mazungumzo kamili ni haya:

```
Binamu:        Mama mdogo shikamoo. Vipi ukumbi baada ya
               kusogeza tarehe?                              18:20
Mweka hazina:  Marahaba. Nimetoka kuongea na meneja wa ukumbi.
               Mkataba unataka tutoe taarifa mwezi mmoja kabla,
               sisi tumetoa wiki mbili.                      20:40
Mweka hazina:  Hiyo hela hairudi tena.                       20:41
Binamu:        Kwa hiyo laki nne ndiyo basi?                 20:58
Mweka hazina:  Ndiyo basi. Na msiniulize tena mambo ya hiyo
               hela.                                         21:03
Mweka hazina:  Muulizeni mwenyekiti, yeye ndiye aliyesaini.  21:04
```

Meseji ya saa 20:40, ile ambayo mkia uliokosekana ulikuwa umeashiria, inaondoa shutuma ya kula hela: hela iko kwa wenye ukumbi, na mkataba ndio unaoizuia. Meseji ya saa 21:04, iliyokatwa chini, inageuza yale maneno ya «msiniulize tena», ambayo yalisomwa kama jeuri, yawe ya mtu anayewaelekeza wenzake kwa mhusika mwingine.

Hata hivyo sehemu iliyokosekana haikumsafisha mweka hazina kwa kila jambo, na hapo ndipo msomaji mwenye haraka ya kutetea huteleza sawa na mwenye haraka ya kushutumu. Tarehe ni ya Jumamosi. Kamati ilikutana Jumatatu, na mweka hazina hakusema lolote kuhusu kianzio kilichopotea. Swali la kweli la kamati, basi, limehama kutoka «hela iko wapi» hadi «kwa nini hatukuambiwa Jumatatu», na linamhusu mwenyekiti aliyesaini mkataba pia. Vilevile binamu mwenyewe alikuwa anajua tangu Jumamosi.

Kumbuka mipaka ya picha hata ikiwa kamili. Mtu akifuta meseji kwa `Delete for everyone`, huwa panabaki taarifa kwamba meseji ilifutwa. Lakini akitumia `Delete for me`, meseji huondoka kwenye simu yake bila kuacha alama yoyote, na skrinishoti atakayopiga baadaye itaonekana nzima. Meseji iliyohaririwa ina neno `Edited` karibu na saa yake, na kuhariri kunaruhusiwa kwa dakika 15 tu tangu kutumwa, ila alama hiyo haikuambii maneno ya awali yalikuwa yapi. Kwa sababu hizo, jambo likiwa zito, simu ya upande wa pili ndiyo kipimo: mazungumzo yale yale yakisomeka sawa kwenye simu mbili, basi hakuna aliyeondoa kitu kwa siri.

Hatua ya saba: zungumza na upande wa pili

Mweka hazina ni mkubwa wako na amechafuliwa mbele ya ndugu, hivyo mpigie simu asubuhi, na usimfikie kama mpelelezi. Maneno kama haya yanatosha: «Shikamoo mama mdogo, umeamkaje? Poleni na yaliyotokea jana. Nimeshayaona maongezi tangu mwanzo, na nimeelewa habari ya mkataba wa ukumbi. Naomba nikusikie na wewe kabla ya kikao, hasa kuhusu taarifa kuchelewa kufika kwenye kamati.» Usimsimulie mweka hazina yale ambayo binamu alikuambia faraghani, kwa sababu umeomba kipande cha mazungumzo, hukuomba maneno ya kupeleka. Kama mweka hazina hayumo kwenye kundi na hajaiona picha, mweleze kwa mdomo ilivyo, na usiwe wewe wa kumfowadia.

Hatua ya nane: rudisha majibu kwenye kundi

Kile ulichotumiwa faraghani si chako kukiweka hadharani. Omba ruhusa ya wote wawili, na wakisita, andika muhtasari: «Wapendwa, nimeona mazungumzo kamili ya Jumamosi. Kianzio cha ukumbi kipo kwa wenye ukumbi, na kwa mujibu wa mkataba hakirudishwi kwa kuwa tarehe ilibadilishwa chini ya mwezi mmoja. Mkataba utaletwa kikaoni leo jioni, na tutaulizana pia kwa nini taarifa hii ilichelewa.» Hapo umesema kilichothibitika, hukumtaja aliyekata picha, na hukulifunika lililobaki. Anayetaka kuomba radhi kwa maneno ya jana ataomba mwenyewe. Usimlazimishe kwenye kundi.

Asipojibu, au akikataa

Kimya cha usiku mmoja hakina maana yoyote. Mtu anaweza kuwa amelala au hana bando. Kumbusha mara moja tu siku inayofuata, kwa sentensi fupi na bila kurudia maelezo yote. Akikataa waziwazi, mshukuru, kisha geukia upande wa pili wa mazungumzo na umwombe kwa maneno yale yale. Pande zote mbili zikikataa, kilichobaki ni kusema kikaoni kile tu ambacho picha inaonyesha: kwamba mweka hazina anasema hela fulani haitarudi, kwamba sababu haionekani, na kwamba kamati haiwezi kuamua kwa picha hiyo. Kukataa kwenyewe usikugeuze kuwa ushahidi, kwa maana mtu anaweza kukataa kwa sababu ya mambo mengine yaliyomo humo.

Jambo likifika mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini katika kuupima huangaliwa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa na namna mwandishi wake alivyotambuliwa. Skrinishoti isiyo na jina wala tarehe inaanza safari hiyo ikiwa dhaifu, kwa hiyo waambie wote wawili wasiyafute mazungumzo kwenye simu zao.

Na kuna nyakati ambapo sehemu iliyotangulia haipo tena kwa mtu yeyote: simu imeibiwa na hapakuwa na nakala ya akiba, au wawili hao walikuwa wamewasha meseji zinazojifuta, ambazo hutoweka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 kadiri walivyochagua. Hapo acha kuifuatilia picha. Mwombe kila mmoja, peke yake, asimulie mazungumzo yalivyokwenda, kisha omba vitu ambavyo havikutegemea mazungumzo hayo: mkataba wa ukumbi wenye sahihi, risiti ya kianzio, na meseji ya muamala inayoonyesha siku na namba hela ilikotumwa.